Baada ya Mbio Kali, Wanga Kwanza

Mkimbiaji asiyekula nyama huulizwa kila mara anapata wapi protini. Lakini anapomaliza mazoezi makali asubuhi, na jioni atakimbia tena kama wafanyavyo wanariadha wengi wa Iten, Kenya, kinachohitaji haraka zaidi ni wanga.

Kukimbia kwa kasi, tuseme mita 1,000 mara nane, hupunguza sana glaikojeni, yaani akiba ya wanga iliyomo ndani ya misuli. Kuijaza tena kabisa huweza kuchukua saa 24. Mwenye zoezi jingine ndani ya saa 8 anahitaji takriban gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa, kwa saa 4 za mwanzo. Asiyekimbia hadi kesho hana haja ya kuharakisha; milo yake ya kawaida yenye wanga wa kutosha itatosha.

Protini hukarabati misuli, na misuli iliyochoka hubaki tayari kuitumia kwa saa 24 au zaidi. Hapa kiasi na mgawanyo ni muhimu kuliko dakika: gramu 20 hadi 30 kila baada ya saa 3 au 4. Anayetegemea mimea alenge karibu na 30, kwa kuwa protini yake kwa kawaida humeng'enywa kwa shida kidogo na ina upungufu wa lusini, asidi amino inayochochea ujenzi wa misuli.

Tumchukue mkimbiaji wa kilo 55 anayekunywa maziwa. Anamaliza saa 2 asubuhi na atakimbia saa 10 jioni. Saa 2 na nusu anakunywa nusu lita ya maziwa, anakula ndizi mbivu mbili na vipande viwili vya mkate: wanga gramu 100 hivi, protini zaidi ya 20. Saa 4 anapata uji wenye sukari. Saa 6 mchana anakula wali mwingi na kikombe cha ndengu. Usiku anamalizia kwa ugali, sukuma wiki na maharage.

Maharage mengi yamewekwa usiku kwa sababu. Akianza nayo asubuhi, nyuzinyuzi zitamshibisha kabla hajapata wanga wa kutosha, na jioni atakimbia tumbo likiwa limejaa gesi.

Miguu ikiwa mizito tangu mwanzo wa mbio za polepole, ingawa misuli haiumi, huenda wanga ni mdogo. Lakini uzito ukishuka wiki baada ya wiki, au hedhi ikikatika, yawezekana chakula cha siku nzima hakitoshi. Hapo kupanga saa za kula hakutasaidia: aongeze chakula, na amwone daktari.