Bahasha ya Pateni Kutoka Marekani: Fundi wa Embu Aisome Vipi

Bahasha ya pateni inayouzwa Marekani imeandikiwa mtu anayenunua kitambaa kwa yadi. Dukani Embu kitambaa hukatwa kwa mita, na fundi akimpima mteja anataja inchi. Kwa hiyo anayeipiga picha bahasha hiyo na kumtumia dada nyumbani, ili rinda lishonwe kabla ya harusi, amemtumia hesabu ya vipimo vitatu tofauti. Pateni za karatasi zenye saizi zilianza kuuzwa na Ebenezer Butterick huko Sterling, Massachusetts, mwaka 1863, na hadi leo bahasha za Kimarekani hutanguliza yadi.

Kwanza saizi. Namba ya pateni si namba iliyo kwenye lebo ya nguo ya dukani. Katika pateni nyingi za Kimarekani, saizi 16 ni kifua inchi 38, kiuno 30 na nyonga 40. Mama ambaye madukani huvaa 12 anaweza kujikuta kwenye 16 ya pateni, na hilo lisimshtue. Fundi ampime kwa futi yake, kisha atafute kipimo cha kifua, asitafute namba aliyoizoea.

Sasa kitambaa. Tuseme chini ya saizi 16 kuna mistari miwili: upana wa inchi 45, yadi 3 3/8, upana wa inchi 60, yadi 2 1/2. Huo si uchaguzi wa bei rahisi na bei ghali. Ni rinda lile lile, ila kitambaa chenye upana mdogo kinahitaji urefu zaidi. Kitenge kwa kawaida hukaribia inchi 45, kwa hiyo tusome mstari wa kwanza. Yadi moja ni sentimita 91.44, na yadi 3 3/8 zinatoa karibu mita 3.09. Dada aombe mita tatu na nusu, kwa sababu pamba itafuliwa kabla ya kukatwa na inaweza kurudi. Akisoma mstari wa pili kwa makosa atanunua kama mita 2.3, na fundi atagundua upungufu vipande vya mbele na nyuma vikishakatwa, mikono haina pa kutokea.

Tazama pia nyota ndogo kando ya namba. Kwa kawaida nyota moja huonyesha kiasi cha kitambaa chenye mwelekeo mmoja, na nyota mbili ni cha kitambaa kinachoweza kugeuzwa juu chini. Maelezo yake yako chini ya jedwali. Kitenge chenye ndege waliosimama ni cha nyota moja, la sivyo mgongoni ndege watasimama kichwa chini.

Nafasi ya mshono ndipo nguo nyingi zinapoharibikia. Pateni nyingi za Kimarekani zimeshaiweka ndani ya karatasi: inchi 5/8, yaani takriban sentimita 1.5 kila ukingo. Fundi wetu amezoea kuacha kama inchi moja ubavuni ili nguo iweze kuachiliwa mteja akinenepa. Akikata sawasawa na karatasi kisha akashona inchi moja ndani, kila ukingo unapoteza inchi 3/8 zaidi. Mbavu mbili zina kingo nne, hivyo rinda linabana kwa inchi moja na nusu, na zipu haipandi. Dawa yake ni kuchora kwanza mstari wa kushonea inchi 5/8 ndani ya karatasi, halafu kuongeza akiba nje ya karatasi, ubavuni tu. Shingoni na kwenye makwapa asiongeze kitu. Pateni za jarida la Burda la Ujerumani ni kinyume: kwa desturi hazina nafasi ya mshono, na fundi ndiye anayeiongeza.

Alama za kukatia haziko kwenye bahasha, ziko kwenye karatasi nyepesi iliyo ndani. Mshale ulionyooka ulazwe sambamba na ukingo wa kitambaa uliotoka kiwandani. Ukilazwa mshazari, rinda litajipinda baada ya kufuliwa. Mshale uliokunjwa ncha zote mbili unaelekeza kwenye mkunjo wa kitambaa: ukingo huo usikatwe. Pembetatu ndogo ni za kukutanisha vipande. Mkononi, moja huwa ya mbele na mbili za nyuma. Mistari miwili sambamba inayokatiza kipande ndipo pa kurefusha au kufupisha, si kwenye pindo.

Picha ya bahasha, basi, inatosha kununulia kitambaa, lakini haitoshi kukatia. Na karatasi ya ndani ikipigwa picha haitoi umbo sahihi, kwa kuwa kamera hupindisha kingo na kipimo hupotea. Ndugu yangu uliyeko ughaibuni, piga picha mgongo wa bahasha ikiwa imelala mezani, mchana, mpaka 3/8 isifanane na 5/8. Halafu mpe karatasi yenyewe mtu anayesafiri kwenda nyumbani, na umwombe fundi asiguse mkasi kabla haijafika.