Alipatikana Ndani ya Bangi: Je, ni Mhalifu?

Muhula uliopita chama chetu kilikuwa na mjadala wenye mada "Anayenaswa papo hapo akitenda kosa ni mhalifu." Mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono. Nilisimama nikanguruma: "Jamani, ukimkuta mtu ndani ya nyumba iliyojaa bangi, tena ndiye anayeimwagilia maji, kuna nini tena cha kuuliza?" Bwalo zima likashangilia, na kura zilipohesabiwa tukashinda.

Mwalimu mlezi wetu hakupiga makofi. Baada ya mjadala aliniita kando akaniambia, "Umesema vizuri, lakini nyumba uliyoitaja ilikuwepo kweli, na uliyemfunga leo alikuwa mtoto." Nikamjibu, "Lakini Mwalimu, bangi si bangi tu?" Akanisimulia kesi ambayo baadaye niliisoma mwenyewe. Naiandika hapa kwa sababu deni la ukweli hulipwa pale pale lilipokopwa.

Tarehe 6 Mei 2009, polisi wa mji wa Cambridge, Uingereza, waliingia katika nyumba moja ya vyumba vinne vya kulala. Ndani walikuta miche 420 ya bangi, ambayo thamani yake mtaani ilikadiriwa kupita paundi 130,000. Mtu waliyemkuta humo alikuwa mmoja tu: kijana kutoka Vietnam, ambaye mahakamani alijulikana kwa herufi V.C.L. Alikuwa na simu na paundi 100. Aliwaeleza polisi kwamba aliingizwa Uingereza kwa siri, akapokewa na watu wa nchi yake waliompeleka katika nyumba ile. Alipotambua kuwa mimea ile ni bangi aliomba kuondoka, akaambiwa kwamba akiacha kazi anaweza kuuawa.

Hebu tulia hapo kidogo tuipige hesabu. Mwenye mali ya paundi 130,000 hakuwepo. Aliyekuwepo ana paundi 100 mfukoni. Biashara ya namna hii hupangwa hivyo makusudi. Tajiri wa bangi anajua kwamba siku moja polisi watabisha hodi, kwa hiyo anatafuta mtu wa kukaa nyuma ya ule mlango kwa niaba yake. Anamtaka mtu asiyejua lugha ya nchi, asiye na karatasi, asiye na ndugu wa karibu, na ikiwezekana awe mtoto. Mtu huyo akikamatwa, tajiri hupoteza miche tu. Kesho atapangisha nyumba nyingine na kumweka mtoto mwingine.

Huo ndio ulanguzi wa binadamu. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria mtu aliyefungwa minyororo, au msichana aliyepelekwa ng'ambo kufanya kazi za nyumbani bila mshahara. Kumbe kazi anayolazimishwa mtu inaweza kuwa uhalifu wenyewe: kulima bangi, kuiba mifukoni, kubeba dawa za kulevya. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 inataja mambo matatu ya kutazamwa. La kwanza ni tendo, kama vile kumsajili mtu, kumsafirisha au kumpokea. La pili ni njia, yaani vitisho, nguvu, udanganyifu au kutumia udhaifu wake. La tatu ni lengo, nalo ni kumnyonya. Lakini kwa mtoto wa chini ya miaka 18 njia haiulizwi. Hata kama hakutishwa, hata kama alikubali kwa mdomo wake, maadamu alipelekwa ili anyonywe, yeye ni mwathiriwa.

Sasa turudi kwa yule kijana. Alishtakiwa kwa kosa la kuzalisha dawa za kulevya, na mwezi Agosti 2009 alikiri kosa. Hapo najua msomaji ataruka: "Si alikiri mwenyewe!" Nami nilisema hivyo hivyo. Lakini mtu hukiri kulingana na anachokijua. Kijana huyu hakuwa ameelezwa vyema kwamba hali yake ingeweza kumwondolea mashtaka. Mwezi Novemba mwaka huo huo, idara ya serikali iliyopewa kazi ya kuwatambua waathiriwa ilifikia uamuzi kwamba kweli alilanguliwa. Hata hivyo, viongozi wa mashtaka waliendelea na kesi. Hoja yao ilikuwa kwamba alikuwa na simu, pesa na chakula, na kwamba nyumba ile ilikuwa nyumba ya kawaida, si jela. Januari 2010 alihukumiwa kifungo cha miezi 20 katika gereza la vijana.

Hoja ya simu ilinifikirisha sana. Simu ni ya nini kwa mtu asiyejua polisi wapigiwe namba gani wala aseme lugha gani? Simu hiyo hiyo ndiyo tajiri huitumia kumwuliza, "Umemwagilia? Uko wapi?" Inaweza kuwa kamba kama kamba nyingine yoyote. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mlango unaweza kuwa wazi na mtu asitoke kwa sababu anadaiwa pesa za safari asizoweza kuzilipa, au anajua kwamba akitoroka mamake kijijini atatembelewa. Isitoshe, ameshaambiwa kila siku, "Ukienda kwa polisi utafungwa wewe." Halafu polisi wakija wanamfunga kweli. Serikali bila kujua inakuwa shahidi wa mlanguzi!

Kijana alikata rufaa. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilimpunguzia kifungo hadi miezi 12 lakini ikaacha hatia ilivyokuwa. Kesi yake iliunganishwa na ya kijana mwingine wa Vietnam, A.N., aliyekamatwa London mwezi Aprili 2009 katika kisa kinachofanana na hiki. Hatimaye wote wawili wakafika katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, Ufaransa. Hukumu ilitolewa tarehe 16 Februari 2021, karibu miaka 12 tangu wakamatwe. Mahakama ilisema Uingereza ilivunja haki yao ya kulindwa dhidi ya utumwa na haki yao ya kusikilizwa kwa usawa. Kila mmoja aliamriwa kulipwa fidia ya yuro 25,000, mbali na gharama za kesi.

Mahakama haikusema kwamba mwathiriwa wa ulanguzi kamwe hawezi kushtakiwa. La hasha! Ilichosema ni habari ya mpangilio. Pakiwa na dalili kwamba mtuhumiwa amelanguliwa, jambo hilo lichunguzwe kwanza na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, ndipo uamuzi wa kumshtaki ufanywe. Na kiongozi wa mashtaka akitaka kuukataa uamuzi wa mtaalamu, sharti atoe sababu zilizo wazi zinazolingana na maana ya ulanguzi. Simu na chakula havikuwa sababu za kutosha. Kuhusu kukiri, mahakama ilisema mtu hawezi kuhesabiwa kuwa ameiacha haki yake ikiwa hali yake haikuchunguzwa na yeye hakuijua haki yenyewe.

Huenda ukauliza, je, kila mwizi asiseme tu kwamba alilanguliwa? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba maneno matupu hayatoshi. Wachunguzi huuliza mambo yanayoweza kuthibitishwa. Nani alimleta, na kwa ahadi gani? Pasipoti yake inashikwa na nani? Anajua anwani ya nyumba anamoishi? Faida ya kosa ilikwenda mfukoni mwa nani? Angekataa, ingekuwaje? Kisha huja swali kubwa kuliko yote: kosa hili limetokana na kulanguliwa kwake, au ni jambo lake mwenyewe? Aliyelazimishwa kulima bangi, halafu siku moja akamwibia jirani baiskeli akaiuze kwa faida yake, hawezi kuiingiza baiskeli ndani ya kinga ya bangi. Uingereza yenyewe ilitunga sheria mwaka 2015 inayompa mwathiriwa utetezi huu mahakamani, lakini makosa mazito kama kuua yameachwa nje ya utetezi huo.

Nasi Wakenya je? Sisi tuna sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu. Kifungu chake cha 14 kinasema kwamba mwathiriwa hatawajibishwa kijinai kwa kosa la kuwa nchini bila kibali, wala kwa tendo la jinai lililotokana moja kwa moja na kulanguliwa kwake. Kwa upande wa mlanguzi, sheria hiyo inataja kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Uone basi mzigo umetuliwa kwa nani.

Wala haya si mambo ya Wavietnam peke yao. Tangu mwaka 2022 serikali yetu imekuwa ikiwaonya vijana kuhusu kazi za uongo nchini Thailand. Vijana wa Kenya, wengine wenye masomo mazuri, waliahidiwa kazi ya kuhudumia wateja, wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo yenye walinzi. Huko walilazimishwa kuwatapeli watu kwenye mitandao, wakijifanya wachumba au wafanyabiashara. Mapema mwaka 2025 maelfu ya watu wa nchi nyingi walitolewa katika majengo ya eneo la Myawaddy, na Wakenya walikuwemo. Sasa mtazame mmoja wao. Vidole vyake ndivyo vilivyoandika maneno ya utapeli, na pengine kuna mzee mahali fulani aliyepoteza akiba yake kwa sababu ya maneno hayo. Machozi ya mzee yule ni ya kweli. Lakini pesa zake hazikumfikia kijana, na kijana asingeandika angepigwa. Tukimfunga huyu tukaridhika, mwenye jengo ataagiza wengine, na shahidi anayemjua kwa sura tutakuwa tumemnyamazisha wenyewe.

Juma lililofuata nilimwomba mwenyekiti wa chama dakika tano. Nikasimama mbele ya bwalo lile lile na kuwasomea habari za nyumba ya Cambridge, kisha nikaomba kura zipigwe upya. Rafiki yangu mmoja alinipigia kelele, "We bwana, unajipinga mwenyewe!" Nikamjibu kwamba safari hii nimeuliza swali nililosema halina haja ya kuulizwa: huyu aliyekutwa ndani, nani alimweka humo? Kura zilihesabiwa, na upande wangu wa zamani ukashindwa kwa kura tisa. Mojawapo ilikuwa yangu.