Nhé si tafadhali

Swali ni lilelile kila mara: "Hili neno lao la mwisho, nhé, ndiyo tafadhali?" Wanaliuliza Watanzania waliofanya kazi na Wavietinamu tangu Viettel ilipoleta Halotel nchini mwaka 2015. Wanaliuliza pia waongoza watalii wa Engutoto na Njiro jijini Arusha wanaokariri maneno mawili matatu kabla ya kupokea wageni kutoka Hanoi. Jibu ni hapana. Wala ạ si tafadhali, wala đi, wala với. Anayeyatafsiri yote kwa neno hilo moja amefuta nusu ya alichoambiwa.

Kivietinamu kina tafadhali yake. Kina làm ơn, na kina vui lòng, linalosomwa kwenye mabango ya ofisi na kusikika kwenye matangazo. Msemaji angelitaka, angelitumia. Muuza duka wa Hanoi anapomwambia mteja Chị chờ em một chút nhé, ameliacha kwa makusudi, maana vui lòng lingemfanya asikike kama kipaza sauti cha uwanja wa ndege. Yeye anazungumza na mtu aliyesimama mbele yake, anayemwita chị, yaani dada mkubwa, huku akijiita em, mdogo wake.

Tena tafadhali yenyewe si laini kiasi hicho, na hapo ndipo wafasiri wengi wanapopotea. Sikiliza inavyotumika. "Tafadhali ondoka hapa." "Tafadhali, usinizoee!" Mara nyingine hutamkwa pale uvumilivu unapoisha. Anayetaka chumvi dukani hasemi "Tafadhali nipe chumvi". Husema "Naomba chumvi, mama", na yatosha. Mfasiri anayepachika tafadhali kila mahali anamfanya Mvietinamu mpole aonekane karani mwenye kisirani, kisha msomaji anaamini kwamba watu hao ni wakavu.

Sababu mojawapo ya maneno hayo madogo kuwepo huenda iko kwenye sauti. Kivietinamu cha kaskazini kina toni 6, na kila silabi ina yake. Ukibadilisha toni umebadilisha neno. Mswahili humaliza ombi kwa kuivuta au kuipandisha sauti: "Nisubiri eeeh?" Mvietinamu hana uhuru huo wote, kwa hiyo kazi kubwa ya kulainisha huiachia neno dogo la mwisho.

Chukua sentensi moja, "nisubiri", ubadilishe mkia. Chờ em một chút nhé linapendekeza na kungoja mwenzako akubali: "Nisubiri kidogo, sawa?" Ukiweka ạ, Anh chờ em một chút ạ, heshima inapanda na ulaini unatokana na kujishusha: "Kaka, naomba unisubiri kidogo." Tazama kwamba Kiswahili hakikuongeza neno mwishoni, kilileta "naomba" mbele na kukigeuza kitenzi kuwa "unisubiri". Chờ em với! ni kilio cha aliyeachwa nyuma. Với kwa asili ni "pamoja na", na Kiswahili kina kitu kinachofanana nalo sana: "Jamani, nisubirini na mimi!"

Đi ndilo linaloumiza wanafunzi, kwa kuwa likiwa kitenzi maana yake ni "enda". Mgeni akiambiwa Ăn đi hafukuzwi baada ya kula. Anahimizwa: "Kula basi", "Hebu kula bwana." Lakini đi halilainishi kwa kila mtu. Kwa rika linachangamsha. Kwa mzee, likiwa peke yake, ni amri. Aisee ya Arusha ina mpaka wa namna hiyo: "Nisubiri aisee" inamfaa mwenzako wa kijiweni, haimfai babu.

Ukikwama, anza na nani anamwambia nani, kisha uchague. Kwa nhé: "sawa?", "eh?", "basi". Kusini mwa Vietnam utasikia nha, litafsiri vilevile. Kwa ạ: "naomba", kitenzi cha "u...e", na jina la heshima, iwe mama, mzee au kaka. "Shikamoo" ni salamu, usiisukumie kazi hii. Kwa với: "jamani", "na mimi". Kwa đi: "hebu", "basi", "bwana". Neno "kidogo" limekwisha kuwamo ndani ya một chút, usilirudie. Ukikuta nhé ạ pamoja, unganisha njia mbili: "Naomba unisubiri kidogo, sawa mama?"

Tafadhali ihifadhiwe kwa ajili ya vui lòng, kwenye bango na kwenye tangazo.