Saa Mbili za Daladala: Kazi Ipi Ifanyike Kipande Kipi cha Njia

Uchovu wa safari ndefu ya kwenda kazini hauletwi na umbali peke yake. Sehemu yake kubwa hutokana na kazi iliyofanywa mahali pasipofaa njiani: kusoma wakati dereva anakanyaga na kuachia breki, kuongea na simu wakati konda anaita abiria, kupanga mambo ya siku huku macho yakitafuta kituo. Mkazi wa Chanika anayefanya kazi Kariakoo, Dar es Salaam, hupita Pugu, Gongo la Mboto, uwanja wa ndege na Tazara kabla ya kushuka, na kila kipande cha njia hiyo kina mwendo wake, kelele zake na mwanga wake. Anayetaka safari imfae huigawa njia kwanza, halafu hukipa kila kipande kazi inayokifaa. Vipande vingine huviacha bila kazi yoyote.

Jambo la mwanzo ni kiti. Aliyesimama ameshika bomba hana mkono wa kushikia kitabu, na misuli ya miguu na mgongo inafanya kazi muda wote kumzuia asianguke. Huyo asijipe zaidi ya kusikiliza. Ndiyo sababu abiria wengi jioni hugeuza na gari: hulipanda linapoelekea mwisho wa njia, wakalipa nauli ya ziada, wakarudi nalo wakiwa wamekaa. Kwa mwenye safari ya saa mbili, nauli hiyo ni gharama ya haki. Kiti kinachofaa kusomea ni kile kinachotazama mbele, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Safu ya mwisho ya kosta hurushwa zaidi kwa kuwa iko nyuma ya ekseli.

Kusoma ndiko kunakochosha haraka kuliko yote, na chanzo chake kiko masikioni. Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayoutaarifu ubongo kila mwili unapogeuka, na karibu nayo viungo vidogo vinavyohisi mwili ukisukumwa mbele au nyuma. Macho yakiwa yameganda kwenye ukurasa, yanauambia ubongo kwamba mwili umetulia, huku sikio likisema unakwenda. Taarifa hizo mbili zinapopingana kwa muda, kichefuchefu huja. Hakianzi tumboni. Huanza kwa miayo isiyo ya usingizi, mate kujaa kinywani, jasho la baridi kwenye paji la uso na kichwa kizito. Anayefunga kitabu kwenye miayo ya kwanza na kutazama mbali mbele ya gari hupona baada ya dakika chache. Anayejikaza amalize ukurasa hufika kazini akiwa mgonjwa, na hali hiyo inaweza kumfuata hadi mchana.

Kwa hiyo foleni inayosogea mita chache na kusimama tena, ambayo wengi huiona kama nafasi ya kusoma, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kila breki ni msukumo mpya. Afadhali barabara iliyonyooka ambako gari linakwenda mwendo mmoja. Bora zaidi ni gari lililosimama kabisa kituoni likisubiri kujaa. Dakika hizo za kusubiri wengi huzipoteza kwa kunung'unika, ilhali ndizo tulivu kuliko zote katika safari nzima.

Mahali ambapo macho hayawezi kusoma, masikio yanaweza. Mwanafunzi wa jioni au mtu anayejiandaa na mtihani anaweza kujirekodi kwenye simu akisoma muhtasari wake kwa sauti, kisha akausikiliza njiani. Hatari yake ni sauti kubwa. Injini na muziki wa gari humfanya msikilizaji aongeze sauti bila kujijua, na kelele ya muda mrefu hudhuru usikivu pole pole. Kipimo rahisi ni hiki: akiwa na visikilizi asiposikia mtu wa kiti cha jirani akimsemesha kwa sauti ya kawaida, amepandisha mno. Masikio yakivuma baada ya kushuka, kiasi kimepita.

Simu inahitaji uangalifu wa namna nyingine. Penye kelele mtu hupaza sauti pasipo kukusudia, na gari linapotoka eneo la mnara mmoja hadi mwingine maneno hukatika, hivyo kila sentensi husemwa mara mbili. Hata mazungumzo mafupi yanakula nguvu nyingi. Zinazofaa njiani ni simu fupi zenye jambo moja la kuamua: mzigo umefika au haujafika, mkutano ni saa ngapi. Bei za mteja, mshahara na namba ya siri ya pesa za simu hazisemwi kati ya watu waliobanana. Pia simu isishikwe karibu na dirisha lililo wazi, maana kwenye foleni vibaka hukwapua na kukimbia. Kwa simu ya mzazi kijijini, shikamoo na habari za nyumbani haziharakishwi. Ingoje gari lililotulia, au ingoje kufika.

Anayeendesha gari lake mwenyewe hana nafasi ya haya yote. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hupita karibu mita 14 kila sekunde, na kuongea bila kushika simu hakurudishi umakini uliokwenda kwenye mazungumzo. Kwake kinachofaa ni redio au rekodi, tena izimwe barabara inapokuwa ngumu.

Chukua mfano wa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, anayeishi Chanika na kujiandaa na mtihani wa NBAA. Gari lake linaondoka saa 11 alfajiri. Hadi Gongo la Mboto bado ni giza, kwa hiyo kipande hicho analala, simu ikiwa mfuko wa ndani na kengele yake ya mtetemo imewekwa dakika 20. Akilala zaidi ya hapo huzama kwenye usingizi mzito na kuamka akiwa mzito kuliko alivyopanda. Kuanzia Banana hadi Tazara, penye foleni, anasikiliza rekodi ya somo moja tu. Baada ya Tazara anazima kila kitu, anatazama nje na kuamua mambo matatu ya siku. Anayaandika akishashuka Gerezani, si kabla. Jioni, gari linaposubiri abiria, anasoma kurasa chache au anapiga simu aliyoahidi. Likishaondoka hafanyi kitu mpaka nyumbani, kwa sababu kichwa kilichofanya hesabu mchana kutwa hakishiki jipya.

Mpango huu una mpaka wake. Akiamka saa 10 alfajiri, inampasa awe amelala saa 3 usiku ili apate saa 7 ambazo mtu mzima anazihitaji kwa uchache, na usingizi wa kwenye gari haulipi deni la usiku. Dalili za kuzidiwa ziko wazi: kurudia aya moja mara tatu, kichwa kuuma kila ifikapo saa 4 asubuhi, kuwakaripia watoto mlangoni. Zikidumu wiki nzima, cha kwanza kupunguza ni simu, kisha kusoma. Usingizi wa alfajiri na ukimya wa jioni ndivyo vya mwisho kuguswa. Na siku za mvua za masika, saa mbili zinapogeuka nne, kazi haiongezwi ili kujaza muda: kinachoongezwa ni maji ya kunywa na kupumzika.