Mapitio ya Maandishi: Tupange kwa Hoja
Anayepitia maandishi kuhusu mgawanyiko wa makazi ya viumbe, akipanga kwa waandishi, ataeleza kwamba Haddad na wenzake (2015) waliona mgawanyiko ukipunguza aina za viumbe; kisha Fahrig (2017) akaona asilimia 76 ya athari zilizothibitika kitakwimu ni za manufaa. Msomaji atadhani wanapingana tu.

Tukipanga kwa hoja, twatenga kupungua kwa eneo na kugawanyika kwa eneo lisilopungua. Hapo yadhihirika kwamba Fahrig alichunguza la pili peke yake, katika mandhari nzima. Haddad alipima vipande vilivyopunguzwa na kutengwa. Basi kila aya ianze kwa hoja, majina yafuate. Nasi tusiite yote mawili “mgawanyiko”: la kwanza ni “upotevu wa makazi”.