Mtihani wa leseni ya uuguzi: Mtoto mmoja, majibu matatu

JE, wewe ni mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho mjini Garissa, au ni muuguzi wa cheti huko Wajir ama Mandera unayejiendeleza kupata diploma huku ungali kazini? Basi unajua shida yenyewe. Mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya unakaribia, nawe unatoka zamu ya usiku ukiwa hoi. Ukifungua kitabu, macho yanafumba kabla ya ukurasa wa pili.

Habari njema ni kwamba sehemu mbili zinazowaangusha wengi, yaani maswali ya kisa cha mgonjwa na hesabu za dawa, zimo ndani ya wodi unayofanyia kazi. Hebu tuchukue kisa kimoja ambacho hakikosi katika wodi za watoto za eneo hili. Kipindupindu kilipozuka nchini Oktoba 2022, Garissa na kambi za Dadaab ziliathirika sana, na hata pasipo kipindupindu, kuhara huja na kila kiangazi na kila mafuriko ya mto Tana.

Tuseme ni mwezi Juni. Mama ameleta mtoto wa kiume anayehara kwa siku mbili. Mtoto amelegea, macho yameingia ndani, na hawezi kunywa. Ukifinya ngozi ya tumbo, inarudi polepole, zaidi ya sekunde mbili. Mikono yake ina joto na mpigo wa damu unashikika vizuri, kwa hiyo hayuko katika hali ya mshtuko. Uzito wake ni kilo 8. Swali linauliza: utampa maji kiasi gani, na kwa kasi gani?

Wengi hukimbilia kikokotoo. Ngoja kwanza. Swali halijakuambia umri, na bila umri huna jibu.

Katika mtihani umri utaandikwa. Wodini, mama aliyetoka malishoni huenda asijue tarehe. Muulize mtoto alizaliwa mvua gani. Akikujibu kwamba alizaliwa mvua ya gu ilipoanza mwaka jana, hesabu tangu Aprili. Mtoto huyu ana miezi 14.

Sasa fanya hesabu. Mtoto aliyepungukiwa sana na maji mwilini hufuata Mpango C, yaani mililita 100 za maji ya Ringa kwa kila kilo, kupitia mshipani. Akiwa ametimiza miezi 12, mililita 30 kwa kilo huingia kwa nusu saa, na 70 zilizobaki kwa saa mbili na nusu.

Hatua ya kwanza: 30 × 8 = mililita 240 kwa dakika 30. Ili kupata matone, zidisha mililita kwa idadi ya matone ambayo seti yako hutoa kwa mililita moja, kisha gawanya kwa dakika. Seti ya kawaida hutoa 20, na idadi hiyo imechapishwa kwenye pakiti yake:

240 × 20 ÷ 30 = matone 160 kwa dakika

Hatua ya pili: 70 × 8 = mililita 560 kwa dakika 150:

560 × 20 ÷ 150 = 74.7, yaani matone 75 kwa dakika

Usiache hesabu hapo. Jiulize kama jibu linawezekana. Matone 160 kwa dakika ni karibu matatu kila sekunde, na jicho haliwezi kuyahesabu sawasawa. Ndiyo sababu muuguzi mzoefu hubandika utepe wa plasta kwenye chupa. Chupa ya mililita 500 inapaswa kuwa imeshuka hadi 260 baada ya nusu saa. Ukikuta iko 400, mshipa umeziba au kasi ni ndogo. Na ukichukua seti ya matone madogo, ile ya 60 kwa mililita, jibu litakuwa matone 480 kwa dakika. Hesabu ni sahihi, lakini jibu lenyewe linakuambia kwamba umeshika seti isiyofaa.

Sasa badilisha neno moja tu. Mtoto ni yule yule, kilo 8, lakini ana miezi 10. Mililita hazibadiliki, bali muda huongezeka maradufu: 240 kwa saa moja na 560 kwa saa tano. Matone yanakuwa 80, kisha 37. Anayekariri matone bila kusoma umri hupoteza alama hapa. Wodini humjaza mtoto mchanga maji kwa kasi mara mbili ya inayotakiwa.

Badilisha jambo lingine. Rudisha miezi 14, lakini ongeza mstari huu: miguu yote miwili imevimba, na ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Huo ni utapiamlo mkali. Ungeweza pia kuutambua iwapo utepe wa mkono ungesoma chini ya sentimita 11.5. Hapa Mpango C unaachwa kabisa. Moyo wa mtoto huyu ni dhaifu, na maji mengi ya mshipani yanaweza kumuua. Kwa kuwa hayuko katika mshtuko, mpe ReSoMal kwa mpira wa puani, mililita 5 kwa kilo kila nusu saa kwa saa mbili za kwanza. 5 × 8 = mililita 40 kila mara. Pumzi zikiongezeka na mpigo wa moyo ukizidi kwenda mbio, simamisha na umwite daktari, maana maji yanamzidi.

Mtoto huyu pia huanzishiwa antibiotiki, mojawapo ikiwa jentamaisini, miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku. 7.5 × 8 = miligramu 60. Ampuli imeandikwa miligramu 80 katika mililita 2:

60 ÷ 80 × 2 = mililita 1.5

Lakini ipo pia ampuli ya miligramu 20 katika mililita 2, na kwa macho zinafanana. Ukivuta mililita 1.5 kutoka hiyo, mtoto atapata miligramu 15, robo ya dozi yake. Kwa hiyo soma ampuli kabla ya kuandika hesabu, na umwombe mwenzako naye akokotoe peke yake bila kuona jibu lako.

Ukiwa zamu, basi, jifunze namna hii. Beba kijitabu mfukoni. Kila zamu chagua mgonjwa mmoja na uandike umri, uzito na dalili zake, bila jina. Kabla ya kutazama alichoandika daktari, andika wewe dozi na matone, kisha linganisha. Mkitofautiana, usifute. Tafuta sababu katika mwongozo wa wodi, na ukiona kosa si lako, mwambie msimamizi wa zamu kabla dawa haijatolewa. Halafu ukipumzika, badilisha neno moja katika kisa hicho, umri au uvimbe wa miguu, na ukokotoe upya.

Kazi hiyo huchukua kama dakika kumi. Ukipata usingizi baada ya zamu, lala. Mtu aliyekesha hukosea nukta ya desimali kwa urahisi, na miligramu 7.5 ikisomwa 75, mtoto huyu wa kilo 8 ataandikiwa miligramu 600, yaani ampuli saba na nusu. Ukijikuta unavunja ampuli ya pili kwa mtoto mdogo, simama na uanze hesabu upya.