Faida Moja, Tarakimu Mbili: Fungu la Wanahisa Wachache

Safaricom ilipofunga mwaka wake wa fedha Machi 2024, hesabu zake zilionyesha faida mbili baada ya kodi. Moja ilikuwa takriban shilingi bilioni 42.7 za Kenya. Nyingine takriban bilioni 63. Zote mbili ni sahihi, na tofauti yake imetokana na Ethiopia.

Safaricom inaendesha mtandao wa simu nchini humo kupitia kampuni tanzu inayoimiliki kwa zaidi kidogo ya nusu. Hisa zilizobaki ziko mikononi mwa washirika, akiwemo Sumitomo wa Japani na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza. Washirika hao hawana usemi wa mwisho katika uendeshaji, lakini ni wamiliki halali. Wahasibu huwaita wanahisa wasio na udhibiti. Zamani waliitwa wanahisa wachache.

Mtu angedhani kwamba mwenye nusu ya hisa ataandika nusu ya mapato na nusu ya gharama. Sivyo. Kanuni za kimataifa za uhasibu hutazama kwanza nani anashika usukani. Kampuni mama ikishaidhibiti kampuni tanzu, inaingiza katika hesabu za kundi kila kitu cha tanzu hiyo: mapato yote, gharama zote, mali yote na madeni yote. Minara ya Ethiopia yote inahesabiwa, kwa sababu anayeamua itumikeje ni Safaricom. Baada ya kujumlisha yote, ndipo faida au hasara inapogawanywa kati ya wenye kampuni mama na wale washirika.

Tufuate hesabu ya mwaka huo. Biashara ya Kenya ilipata faida ya karibu bilioni 85. Ethiopia, ambako huduma zilikuwa zimeanza 2022 na ujenzi wa mtandao ulikuwa ukiendelea, ilipata hasara ya karibu bilioni 42. Ukitoa hasara hiyo yote unabaki na ile bilioni 42.7, yaani faida ya kundi zima. Lakini karibu nusu ya hasara ya Ethiopia, kama bilioni 20.3, ni mzigo wa washirika. Ukiirudisha, wanahisa wa Safaricom wanabaki na bilioni 63.

Kwa kawaida mambo huwa kinyume: tanzu hupata faida, washirika huchukua fungu lao, na wenye kampuni mama hubaki na pungufu ya faida ya kundi. Hapa kilichogawanywa ni hasara, ndiyo maana fungu la wenye kampuni mama limezidi jumla.

Anayechanganya tarakimu hizi hupotoka haraka. Safaricom ina hisa zipatazo bilioni 40. Mwaka huo ilitoa gawio la shilingi 1.20 kwa kila hisa. Ukigawanya bilioni 42.7 kwa hisa hizo unapata kama shilingi 1.06, nawe utasema kampuni imegawa kuliko ilichopata. Ila faida kwa hisa hupigwa kwa kutumia fungu la wenye kampuni mama peke yake, nalo linatoa takriban shilingi 1.57. Tarakimu hiyo utaipata chini kabisa ya taarifa ya faida, pale inapoandikwa faida ni ya nani.

Katika mizania, fungu la washirika huwekwa kwenye mtaji wa kundi, katika mstari wake wa peke yake. Si deni, maana hakuna siku ambayo kampuni mama inalazimika kuwalipa. Hasara zikiendelea, mstari huo hupungua na unaweza kushuka chini ya sifuri. Zamani hasara iliyozidi mtaji wa washirika ilihamishiwa kwa wenye kampuni mama. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2009 ziliondoa utaratibu huo, na sasa kila upande unabeba sehemu yake hata ikiwa chini ya sifuri.

Hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Mgawanyo huu wa hasara haumlazimishi mshirika kutoa pesa zaidi ya alizowekeza. Kampuni mama ikiwa imedhamini mikopo ya tanzu yake, benki zitabisha hodi kwake. Tena, mtaji mpya ukihitajika na mshirika asichangie, asilimia yake hupungua, na hasara ya mwaka ujao itawaangukia zaidi wenye kampuni mama. Kwa hiyo, kabla ya kufurahia bilioni 63, fungua maelezo ya hesabu uone mambo mawili: asilimia ya washirika imebadilika vipi tangu mwaka uliopita, na nani amedhamini madeni ya kampuni tanzu.